Kutafsiri Orodha ya Bidhaa Katika Jedwali la Kompyuta: Mfano wa Vifaa vya Uchimbaji Katika Ukanda wa Geita na Shinyanga

Katika miji ya Katoro, Geita na Kahama yapo maduka mengi yauzayo vifaa vya uchimbaji: beringi, mikanda ya mashine, pampu za maji, mabeleshi, viatu vya kazi na vipuri vya mitambo ya kuponda na kusaga mawe. Vifaa vingi hutoka nje ya nchi, navyo hufika pamoja na orodha iliyoandikwa kwa Kiingereza katika jedwali la kompyuta. Mnunuzi wa Nyarugusu au wa Mwadui husema Kiswahili, na muuzaji wake vilevile. Basi orodha hiyo haina budi kutafsiriwa.

Kwa mtazamo wa kwanza kazi hii huonekana nyepesi kuliko kutafsiri barua, kwa kuwa kila mstari una maneno machache tu. Lakini jedwali lina masharti yake. Kila seli, yaani kila kijisanduku cha jedwali, ina nafasi yenye mpaka. Kila bidhaa ina nambari isiyoruhusiwa kubadilika hata kwa nukta moja. Tena kifungu kimoja cha maneno huweza kurudiwa katika mistari mia, na kila mara hakina budi kuandikwa vilevile. Kiswahili, kwa sababu ya ngeli zake, hulifanya sharti hili la tatu kuwa gumu kuliko yote. Makala haya yaeleza masharti hayo matatu, na jinsi uamuzi mmoja wa lugha uwezavyo kuyatimiza kwa pamoja.

Jedwali la mfano

Ichukuliwe kwamba duka moja lina orodha ya bidhaa 400. Jina la kila bidhaa huchapwa katika kibandiko kidogo cha rafuni, na kibandiko hicho kina nafasi ya herufi 28 tu, pamoja na nafasi tupu na alama za vituo. Ifuatayo ni mistari mitano ya orodha hiyo kama ilivyofika:

```
00417  Ball bearing 6205-2RS, heavy duty
00562  V-belt B65, heavy duty
00608  Water pump 3 in, heavy duty
00731  Shovel, heavy duty
00845  Safety boots, heavy duty
```

Safu ya kwanza ni nambari ya bidhaa katika daftari la ghala. Safu ya pili ni jina, na maneno mawili ya mwisho ya kila jina hurudiwa bila kubadilika. Maana yake ni kwamba kifaa hicho kimetengenezwa kustahimili kazi nzito.

Nambari ambazo si idadi

Kosa la kwanza hutokea kabla mfasiri hajaandika hata neno moja. Kompyuta inapofungua faili la orodha, hujaribu kukisia kila seli ina kitu gani. Ikiona 00417 hudhani ni idadi, na kwa kuwa sufuri zilizotangulia idadi hazina thamani, huzifuta na kuacha 417. Ikiona nambari ya bidhaa iliyoandikwa 3-12, hudhani ni tarehe, na kuigeuza kuwa siku ya mwezi wa tatu au wa kumi na mbili, kwa kufuata mpango wa kompyuta hiyo. Ikiona 12E3 hudhani ni namna ya kisayansi ya kuandika 12,000.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba faili likishahifadhiwa, habari ya asili imepotea. Mtu akiamuru seli hiyo isomwe kama maandishi, 3-12 haitarudi. Badala yake itatokea idadi ya siku zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900, kwa kuwa ndivyo kompyuta inavyohifadhi tarehe. Jambo hili limewasumbua hata wanasayansi. Majedwali ya utafiti wa jeni yaligeuza majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe, hata kamati ya kimataifa isimamiayo majina ya jeni za binadamu ikaamua kuyabadili. Katika mwongozo uliotangazwa mwaka 2020, SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1.

Dawa yake ni kuiambia kompyuta, wakati wa kuingiza faili na si baadaye, kwamba safu ya nambari ni maandishi. Kisha nakala ya safu hiyo huwekwa pembeni, tuseme katika safu E, na kazi ikimalizika mfasiri hulinganisha safu hizo mbili kwa kanuni hii:

```
=EXACT(A2,E2)
```

Jibu likiwa TRUE, nambari haikuguswa. Likiwa FALSE, mstari huo hauna budi kuangaliwa.

Nambari nyingine zimo ndani ya jina lenyewe, nazo zina maana kamili kwa fundi. Katika 6205, tarakimu 6 yaonyesha beringi ya gololi zinazokwenda katika mfuo wa kina, 2 yaonyesha mfululizo wa vipimo, na 05 ikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu la ndani, yaani milimita 25. Kipenyo chake cha nje ni milimita 52 na upana wake ni milimita 15. Beringi 6305 ina tundu lilelile la milimita 25, lakini kipenyo chake cha nje ni milimita 62, kwa hiyo haiwezi kuingia mahali pa 6205. Herufi 2RS zaeleza kwamba beringi imefungwa kwa sili ya mpira pande zote mbili. ZZ zaeleza kwamba imefunikwa kwa vibati vya chuma. Katika mtambo wa kusaga mawe, ambako vumbi ni jingi, tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa sili ya mpira huzuia vumbi vizuri zaidi kuliko kibati. Mfasiri aliyeona 2RS kuwa ziada isiyo na maana, akaifuta ili jina litoshe, atakuwa amemletea mnunuzi kifaa kingine.

Hatari ya aina hiyohiyo imo katika amri ya kutafuta na kubadilisha maneno. Mfasiri akiamuru kila neno belt ligeuke kuwa mkanda katika jedwali zima, amri hiyo haitachagua safu. Kama daftari la ghala lina nambari iliyoandikwa BELT-B65, nayo itageuka, na tangu hapo jedwali na ghala havitaelewana. Kwa hiyo amri ya namna hii itolewe baada ya kuchagua safu moja tu, na safu ya nambari ifungwe isiandikwe.

Kifungu kimoja, sura nyingi

Hapa ndipo sharti la tatu linapoanza kuonyesha ugumu wake. Mfasiri mwenye Kiswahili kizuri ataandika mistari mitano ile hivi:

```
Beringi 6205-2RS ya kazi nzito
Mkanda B65 wa kazi nzito
Pampu ya maji inchi 3 ya kazi nzito
Beleshi la kazi nzito
Viatu vya usalama vya kazi nzito
```

Sarufi yake ni sahihi kabisa. Lakini kifungu ambacho katika Kiingereza kilikuwa na sura moja sasa kina sura nne: ya kazi nzito, wa kazi nzito, la kazi nzito, vya kazi nzito. Upatanisho wa ngeli ndio uliosababisha hali hiyo. Mkanda umo katika ngeli ya U-I, beleshi katika ya LI-YA, viatu katika ya KI-VI, na beringi na pampu katika ya I-ZI.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mfasiri hawezi kubadilisha kifungu hicho mara moja katika mistari yote. Akijaribu, atapata beleshi ya kazi nzito na viatu ya kazi nzito, makosa ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza atayaona. Pili, watafsiri wawili wakigawana orodha, mmoja huweza kuandika ya kazi nzito, na mwingine imara, au ya kazi ngumu. Mnunuzi atadhani kwamba beringi imara na beringi ya kazi nzito ni vitu viwili tofauti, labda vyenye bei mbili.

Kadhalika, seli zimejaa kupita kiasi. Urefu wa seli hupimwa kwa kanuni hii:

```
=LEN(C2)
```

Mstari wa beringi una herufi 30, wa pampu 35, na wa viatu 32. Mitatu kati ya mitano haitoshi katika kibandiko cha herufi 28.

Uamuzi wa kuondoa upatanisho

Tatizo la urefu na tatizo la upatanisho huonekana kuwa mawili, lakini chanzo chake ni kimoja, nacho ni kiunganishi -a pamoja na kiambishi chake cha ngeli. Kikiondolewa na mahali pake pakawekwa kituo kidogo, kifungu hubaki na sura moja tu, yaani kazi nzito, na kila mstari hupungua kwa herufi mbili au tatu. Nzito haitabadilika tena, kwa kuwa sasa yapatana na neno kazi peke yake, si na jina la bidhaa.

Beringi 6205-2RS, kazi nzito: herufi 28 barabara. Mkanda B65, kazi nzito: herufi 22. Beleshi, kazi nzito: herufi 19. Hata hivyo mistari miwili bado ina shida. Pampu ya maji inchi 3, kazi nzito ina herufi 33. Lipi liondolewe? Kanuni ya kufuata ni kuondoa neno lisilotofautisha bidhaa moja na nyingine katika orodha hiyohiyo. Duka hili lina pampu za inchi 2 na za inchi 3, kwa hiyo kipimo hakiwezi kuondoka. Lakini kila pampu iliyomo katika orodha ni ya maji, na mashine ya kusukuma hewa huitwa kompresa. Basi neno maji ndilo lisilotofautisha kitu, na mstari huwa Pampu inchi 3, kazi nzito, wenye herufi 25. Katika duka jingine liuzalo pia pampu za mafuta, uamuzi huo ungekuwa kosa.

Viatu vya usalama, kazi nzito ina herufi 29, yaani imezidi kwa moja tu. Mtu hushawishika kufuta nafasi tupu baada ya kituo, na kwa mstari huo peke yake ingetosha. Lakini mstari huo sasa ungekuwa na umbo lisilofanana na mingine 399, na kompyuta itafutayo kifungu chenye nafasi haitauona. Afadhali kubadili neno: Viatu vya kinga, kazi nzito ina herufi 27. Neno kinga lina wenyeji wake, kwa kuwa vifaa vya kinga ni msemo uliozoeleka migodini. Lakini likishachaguliwa hapa, halina budi kutumika pia katika miwani, helmeti na glavu. Hivyo mstari mmoja mrefu huweza kuamua neno la mistari mingi mifupi, na kwa sababu hiyo mfasiri mzoefu huanza kwa kuitafuta mistari mirefu kuliko yote badala ya kuanza juu na kushuka.

Orodha ya mwisho ni hii:

```
00417  Beringi 6205-2RS, kazi nzito
00562  Mkanda B65, kazi nzito
00608  Pampu inchi 3, kazi nzito
00731  Beleshi, kazi nzito
00845  Viatu vya kinga, kazi nzito
```

Njia hiyohiyo hufaa kwa vivumishi. Neno -eusi huwa mweusi kwa mkanda, jeusi kwa beleshi, nyeusi kwa pampu na vyeusi kwa viatu. Lakini rangi nyeusi haibadiliki, kwa kuwa kivumishi kimefungwa katika neno rangi. Vivyo hivyo saizi kubwa huokoa sura tatu za -kubwa. Neno kama rangi au saizi hubeba upatanisho wote, na jina la bidhaa hubaki huru.

Jina moja kwa kitu kimoja

Kifungu kikishatulia, yabaki majina yenyewe. Chombo cha kuchotea udongo na mawe huitwa beleshi, chepe, sepetu au koleo, kwa kufuata mahali na mazoea. Yote ni Kiswahili, lakini koleo ni pia chombo cha fundi cha kubania waya na misumari. Katika mazungumzo hakuna atakayekosea, kwa sababu mkono huonyesha kinachotakiwa. Katika jedwali mkono haupo. Kwa hiyo orodha ya mfano ilichagua beleshi kwa chombo cha kuchotea, na koleo likaachiwa chombo cha kubania.

Neno karasha lina ugumu wa namna nyingine. Miongoni mwa wachimbaji wadogo husikika kwa mtambo wa kuponda mawe na kwa mtambo wa kuyasaga kuwa unga pia. Kwa muuza vipuri mitambo hiyo miwili ni mbalimbali. Wa kwanza huvunja jiwe kwa kulibana katikati ya taya za chuma. Wa pili huzungusha pipa lenye gololi za chuma ambazo huliponda jiwe hadi kuwa unga. Taya za mmoja na gololi za mwingine haziwezi kubadilishana. Mfasiri akilitumia neno karasha kwa yote mawili atakuwa amefuata mazungumzo ya watu lakini amewapotosha wanunuzi. Njia ya kati ni kuandika Karasha la kuponda na Karasha la kusaga: neno la watu limebaki, na tofauti imehifadhiwa.

Maamuzi ya namna hii yasiachwe kichwani mwa mtu mmoja. Huandikwa katika karatasi ya pili ya jedwali hilohilo, iliyopewa jina Vifungu, ambayo safu yake A ina maneno ya asili na safu yake B tafsiri yaliyokubaliwa. Jedwali kuu huchota tafsiri humo:

```
=VLOOKUP(D2,Vifungu!A:B,2,FALSE)
```

Neno FALSE la mwisho lisisahauliwe, kwa kuwa ndilo liamuru kompyuta kukubali ulingano kamili tu. Bila neno hilo, kompyuta huweza kuleta tafsiri ya kifungu jirani bila kutoa onyo lolote. Faida ya mpango huu ni kwamba ikiamuliwa baadaye kubadili kifungu, hubadilishwa mahali pamoja, na mistari yote hufuata. Lakini msomaji aangalie kwamba mpango huu umewezekana kwa sababu kifungu kina sura moja. Kama kingalibaki na ya, wa, la na vya, karatasi ya Vifungu ingehitaji mistari minne kwa kifungu kimoja, pamoja na safu ya kutaja ngeli ya kila bidhaa.

Kukagua kazi

Jicho la mtu halitoshi kwa mistari 400. Kanuni ifuatayo huhesabu mistari ambayo asili yake ni sawa na ya mstari wa 2, lakini tafsiri yake ni tofauti:

```
=SUMPRODUCT((B$2:B$401=B2)*(C$2:C$401<>C2))
```

Jibu likiwa 0, hakuna mgongano. Likiwa idadi nyingine, kuna asili moja iliyotafsiriwa kwa namna mbili. Mara nyingine kompyuta hutoa 1 ilhali seli mbili zaonekana sawasawa kabisa. Sababu yake ya kawaida ni nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa seli moja. Ishara yake ni kwamba LEN hutoa herufi moja zaidi ya zile zinazoonekana, na kanuni ya TRIM huondoa nafasi hiyo.

Ukaguzi huu una mpaka wake. Hauwezi kujua kama neno lililochaguliwa ni sahihi. Wajua tu kama limetumika kwa uthabiti. Orodha iliyoita kila beleshi koleo mara mia moja itapita bila kosa. Kwa hiyo baada ya kompyuta, mistari michache husomwa kwa sauti mbele ya fundi na mbele ya mchimbaji, na kila mmoja huombwa aonyeshe kifaa chenyewe rafuni.

Tena, ufupisho ulioelezwa hapa ni wa majina, si wa maonyo. Seli isemayo kwamba zebaki isichomwe ndani ya nyumba, kwa sababu mvuke wake ni sumu, haina budi kubaki sentensi kamili yenye upatanisho wake wote. Ikiwa haitoshi, seli ndiyo ipanuliwe, au onyo lipewe safu yake. Herufi iliyokatwa mwishoni mwa jina la beleshi humchelewesha mnunuzi dakika chache. Neno isichomwe likipoteza kiambishi chake cha kukanusha, mtu huweza kudhurika.

Zoezi la darasani

1. Andika kwa Kiswahili majina ya bidhaa hizi tano zikiwa katika hali ya umoja: ndoo, karai, mtaimbo, kamba, kiatu. Ongeza kwa kila moja maneno yenye maana ya rangi nyekundu, kwanza kwa kivumishi peke yake, kisha kwa kutumia neno rangi. Hesabu sura za kivumishi katika kila njia.

2. Beringi iliyoandikwa 6208 ina tundu la ndani la milimita ngapi?

3. Duka lauza pampu za maji na pampu za mafuta, zote za inchi 2 na za inchi 3. Andika majina manne yasiyozidi herufi 28, kila moja likiishia na kazi nzito, wala lisiwepo jina linalofanana na jingine.